Kona ya Mti

Kaka yangu hajui kuingia chumbani kama watu wengine. Mkaribishe sebuleni kwako, na kabla hajakaa macho yake yameshapima mlango, yameshapima dirisha, na yameshaona kwamba kabati lako umelibandika mahali pabaya. Hatasema kitu, maana ana adabu zake, lakini utamwona anavyoliangalia. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Vitanda, makabati, majokofu, meza ambazo wenyewe hawakukumbuka ziliingiaje ndani. Kazi hiyo ilimpa chakula, ikampa mgongo mbovu, ikampa na kifua kibovu kwa lile vumbi la nyuma ya makabati ya watu. Na jina pia ilimpa. Wote wanamwita Futi, kwa sababu ule utepe wake wa kupimia hautoki mfukoni. Hata siku ya kumzika mkewe alikuwa nao. Nilimwona kwa macho yangu akiupapasa ndani ya koti wakati wengine wanalia, nikasema moyoni, haya, kila mtu na cha kushikilia.

Mimi ni mdogo wake. Mdomo wangu hauna breki, wanajua wote, na kwa hili sitaki kabisa kuufunga breki.

Vijana aliofanya nao kazi walikuwa na nguvu kumshinda, lakini kupanga chumba walimwachia yeye. Alikuwa anasimama katikati ya chumba, anafumba macho, na wenye nyumba wanadhani mzee amesinzia. Kumbe anatoa vitu kichwani. Ndivyo alivyonieleza. Kwanza unaondoa kila kinachohama: kitanda toa, kochi toa, meza toa. Unabaki na visivyohama: mlango, dirisha, hita ya ukutani, mahali pa kuchomeka umeme. Na njia ya watu. Njia nayo haihami, alikuwa akiwaambia vijana. Weka kochi njiani, watu watapita pale pale, watajigonga magoti na kukutukana wewe uliyeliweka. Ukishaona visivyohama, ndipo unarudisha vinavyohama, kimoja kimoja.

Amri yake ya pili ilikuwa kuhusu mgongo. Kitu kizito usikibebe mara mbili. Fikiri kwanza, beba mara moja, kiweke pale kitakapokaa, basi. Mwenye nyumba akianza ile ya "hebu turudishe tuone kule kulivyokuwa," kaka alikuwa anavua glovu, anakaa chini na kumwambia kwa heshima kabisa, "Mama, fikiria polepole, sisi tunapumzika." Hakuwahi kurudisha kitu. Alijivunia jambo hilo kuliko watu wengine wanavyojivunia watoto wao.

Mtoto alipata mmoja tu. Huyo ndiye Baba Pacha, karani wa ofisi ya maji, kijana mpole mpaka unatamani kumzaba kibao aamke. Mkewe tunamwita Mama Pacha, na hao pacha wenyewe ni wasichana wawili ambao hawajui kutembea. Wao ni mbio tu, kutoka jikoni hadi mlango wa mbele na kurudi, kutwa nzima.

Wifi yangu alipofariki, Baba Pacha alimwambia baba yake ahamie kwao. Kaka alifunga nyumba yake mwenyewe. Vyombo vyote alivigawa, akavibeba pamoja na vijana wake wa zamani wa kazini. Alibakisha kiti kimoja. Ni kiti cha mbao cha mikono mipana, kizito kama deni, ambacho wifi alikuwa akimwambia kila mwaka akitupe na yeye akajifanya hasikii.

Siku aliyohamia nilikuwepo. Sebule ya kijana wake si kubwa. Mlango wa mbele unafungukia humo humo, na ukifunguka baridi inaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Upande wa barabarani ni dirisha kubwa lenye pazia refu. Ukuta mwingine una hita, na mwisho kuna mlango wa jikoni na korido ya vyumbani. Kaka alisimama katikati akafumba macho. Mama Pacha alicheka, lakini kwa upendo, sikatai. Halafu kaka akatoa utepe, akapima, akaelekeza kiti kwenye kona ya ndani, ile ambayo kuta zake zote mbili hazina mlango wala dirisha. "Hapa," akasema. Karibu na hita hewa kavu inamkausha kifua, anakohoa mpaka machozi. Dirishani kioo kinatoa baridi. Mlangoni kuna upepo. Na hapo kati miguu yake mirefu ingewakwaza wajukuu. Kona ile ilikuwa inamfaa kwa kila kitu, tena kutoka hapo alikuwa anaona kila anayeingia na kila anayetoka. Pacha wakikimbia wanamgusa goti kama vile goti lake ndilo mwisho wa mashindano. Baba Pacha akirudi kutoka kazini, mtu wa kwanza kumwona ni baba yake.

Jamani, mtu mzima akishamaliza kazi, akamaliza mke, akamaliza nyumba, anabaki na nini? Kaka yangu alibaki na kona. Na ilimtosha, maana humo ndani ya kona alikuwa bado mtu wa nyumba ile. Aliulizwa habari za asubuhi. Aliombwa kuamua ugomvi wa pacha. Mama Pacha akikata mboga alizileta hapo sebuleni ili apige naye soga. Hayo nayasema ili msije mkadhani walikuwa watu wabaya. Wangekuwa wabaya ningepata nafuu, ningewachukia moja kwa moja na kulala usingizi wangu.

Sasa njoo kwenye mti.

Miaka yote Krismasi ilikuwa na kimti cha plastiki kinachokaa juu ya meza. Mwaka huo Mama Pacha alialika wenzake wa kazini kula chakula cha mchana, na kimti cha plastiki akakiona aibu. Akaagiza mti wa kweli, msonobari uliokatwa, mrefu kuliko mumewe na mpana matawi. Jumamosi asubuhi nilipofika nilikuta mlango wazi, baridi yote ya mtaa imo ndani, na Baba Pacha amekumbatia shina huku majani yanamchoma shingo. Pacha wanapiga kelele za furaha. Kaka yuko kwenye kiti chake, amejifunika blanketi magotini, anatabasamu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona ana hamu na kitu.

"Umekata kipande cha chini?" akamwuliza mwanawe.

"Wamekata dukani, Baba."

"Kata tena kidogo. Kile cha dukani kimeshazibwa na utomvu, mti hautanyonya maji."

Baba Pacha akautoa nje, akakata, akaurudisha. Wakausimamisha kwenye kile chombo cha chuma chenye miguu kinachotiwa maji, wakakaza skrubu. Hapo ndipo hangaiko lilipoanza, maana sasa mti ulikuwa katikati ya sebule na unatakiwa kukaa mahali.

"Dirishani," akasema Mama Pacha. "Watu wauone tangu barabarani."

"Dirishani jua la mchana litaukausha," kaka akasema, "na hilo pazia litagusana na taa. Mti mkavu na taa na pazia, hapo hujaweka mapambo, umeweka kuni."

"Basi kule, karibu na umeme."

Kule ndiko kwenye hita. Kaka alimtazama tu mkwewe, na yeye mwenyewe akacheka. "Haya, haya, nimeelewa. Hita hapana."

Wakausogeza kando ya mlango wa mbele. Baba Pacha akajaribu kufungua, mlango ukafika nusu ukakwama kwenye matawi. Kaka akauliza, "Moto ukiwaka, mtatokea wapi? Mtaomba ruhusa kwa mti?" Wakausogeza upande wa jikoni. Kabla hawajauachia, pacha mmoja akapita mbio na sahani mkononi, akagonga tawi, mti ukayumba, maji yakamwagika sakafuni. Mama Pacha akafuta huku anatukana mti kwa sauti ya chini. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka, wageni wake wanamsubiri kichwani.

"Sasa Baba," akasema, bado amepiga magoti na tambara mkononi, "wewe ndiye fundi wa mambo haya. Unakataa tu. Tuambie basi, ukae wapi?"

Lo! Mngemwona kaka yangu. Alitupa blanketi. Aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka katikati ya sebule, akafumba macho. Hata pacha waliacha kukimbia. Nilimtazama uso nikajua anachofanya, anatoa vitu. Kochi, toa. Meza, toa. Televisheni, toa. Na mimi, mpumbavu, nilikuwa nafurahi kwamba watu wanamhitaji tena.

Halafu nikaona kitu kinamgonga. Sijui niseme vipi. Midomo ilikuwa inatembea, ikaacha kutembea. Akafumbua macho, akatazama mlango, dirisha, hita, njia ya jikoni. Akatoa utepe, akapima kutoka hita hadi kona, ingawa kipimo hicho alikijua tangu siku aliyohamia. Akaukunja utepe taratibu, kisha akaunyoosha mkono wake kwenye kiti chake mwenyewe.

"Pale," akasema. "Pako mbali na hita, hakuna mlango, hakuna dirisha, na hapazibi njia. Waya wa taa utapita nyuma ya kochi, hakuna atakayeuruka."

Alikuwa amekihesabu kiti chake kwenye vinavyohama. Fundi gani mwingine angefanya hivyo? Mtu mwingine angesema sebule imejaa, urudisheni mti dukani, mkalete mdogo wa kuweka juu ya meza kama siku zote, na hakuna ambaye angeona ajabu. Yeye aliulizwa swali la kazi, akatoa jibu la kazi, na jibu la kazi lilikuwa sahihi.

Na akangoja. Nyie, mimi nilimwona akingoja. Alisimama na utepe mkononi, anamtazama mwanawe, na kila mwenye macho angeona kwamba anangoja aambiwe neno moja tu: lakini Baba, hapo ni kwako.

Mama Pacha akapiga makofi. "Baba, wewe kweli una kichwa! Kona yenyewe hiyo! Mbona sisi hatukuiona?"

Baba Pacha akakitazama kiti, akamtazama mkewe, akajikuna ile shingo iliyochomwa. "Ni siku chache tu, Baba," akasema. "Si ndiyo? Siku chache."

"Na kaka yangu akae wapi?" nikauliza. Wala sikuuliza kwa upole. "Au naye mtamtundika mapambo?"

Kaka mwenyewe akaniinulia kiganja. "Nyamaza, mdogo wangu. Wameuliza mti ukae wapi."

Wakakibeba kiti, maana kochi laini mgongo wake hauliwezi. Na hapo sasa, haki ya Mungu, kama ningekuwa na kitu mkononi ningekirusha. Kiti kilifanya safari ile ile ya mti. Wakakiweka dirishani, kaka akakaa, baada ya muda mfupi akaanza kujikunyata kwa ule ubaridi wa kioo. Wakakiweka karibu na hita, kikohozi kikamshika hata maji hayakumsaidia. Wakakiweka kando ya mlango, mlango ukagonga mkono wa kiti. Upande wa jikoni, pacha wakajikwaa kwenye miguu yake, wote wawili kwa zamu. Kila mahali palipoushinda mti, na yeye palimshinda, na kwa sababu zile zile. Tofauti ni kwamba kwa mti walikuwa wanauliza, "Sasa tuuweke wapi?" Kwa kaka hakuna aliyeuliza. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Hapa ninaziba njia. Kipelekeni chumbani kwangu."

Chumba chake kiko mwisho wa korido. Kina kitanda, na dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Kiti kilipoingia, nafasi iliyobaki ni ya mtu kupita ubavu. Mlango wa chumba ni mwembamba, Baba Pacha alikisukuma kiti kikakataa, kaka ikabidi aje amwelekeze: kilaze ubavu, tanguliza miguu, zungusha. Aliwaongoza vizuri jinsi ya kumtoa sebuleni.

Siku zilizofuata nilikwenda mara kwa mara, na kila nikienda namkuta sebuleni, lakini si kukaa. Anakuja kuangalia maji ya mti. Hao wenye mti walikuwa wanausahau, na mti uliokatwa unakunywa kama ng'ombe siku za mwanzo. Maji yakishuka chini ya shina, utomvu unaziba tena, basi umekwisha. Kwa hiyo asubuhi anatoka kule mwisho wa korido na fimbo mkono mmoja na jagi mkono mwingine, anainama kwa ule mgongo, anamwaga maji, anazima taa walizoziacha zinawaka bure, anapapasa jani kama bado ni laini. Halafu anarudi chumbani. Mama Pacha akamsifu, "Baba anaupenda huo mti kuliko sisi!" Nikamtazama huyo mwanamke nikaona anasema kweli yake, hana hila. Nikameza maneno yangu.

Siku ya wageni nilikuwepo jikoni nasaidia kupakua. Sebule ilipendeza, sitasema uongo. Mti umesimama pale konani umejaa nyota, taa zinawaka na kuzima, watu wanapita na sahani zao hakuna anayegusana na mwenzake. Mwanamke mmoja mwenye miwani akasema, "Mmepata mahali pazuri hasa. Kwetu tuliuweka mlangoni, ni vurugu tupu."

"Baba mkwe ndiye aliyepachagua," Mama Pacha akajibu kwa fahari.

"Ahaa! Yuko wapi tumsalimie?"

"Amepumzika."

Amepumzika! Nilichukua sahani yake nikampelekea. Alikuwa amekaa kitandani, amevaa koti lake la heshima, amechana nywele, viatu amevipiga rangi vinang'aa. Alikuwa tayari tangu asubuhi. Hakukaa kwenye kiti kwa sababu ukikaa kwenye kiti humo ndani magoti yanagusa mlango, na mlango ukifunguliwa ghafla utakugonga, na yeye alidhani utafunguliwa. Nikamwambia, "Kaka, twende sebuleni, nitakushika mkono." Akasema, "Nitakaa wapi?" Nikatafuta jibu. Haki nikatafuta, nikapitisha sebule yote kichwani, kochi limejaa wageni, na sikulipata. Tukala wote wawili humo humo, sahani mapajani, tunasikiliza wenzetu wanacheka.

Siku chache zikaisha kama siku zote zinavyoisha. Majani ya mti yakaanza kupukutika ukiligusa tawi, kaka akawaambia sasa utoeni nje, umekuwa hatari. Wakautoa. Mama Pacha akafagia, akapiga deki, kona ikabaki nyeupe.

Nikangoja kiti kirudi. Wiki ikapita, na nyingine. Kila nikienda, kona tupu, na kaka yuko mwisho wa korido. Hawakuweka kitu chochote pale, hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Wangeweka hata kabati ningesema wana shida ya nafasi. Siku moja pacha walikuwa wanapanga midoli yao, mmoja akataka kuiweka konani, mwenzake akamkemea, "Si hapo! Hapo ni pa mti!" Mtoto hana kosa. Mtoto anasema alichosikia.

Basi nikamfuata Baba Pacha, alikuwa anakunywa chai. "Kiti cha baba yako kinarudi lini?"

Akaweka kikombe chini. "Shangazi, tulizungumza. Kile kiti ni kizito mno, na mlango wa chumbani unasumbua. Tukikirudisha, Krismasi tutakitoa tena. Baba mwenyewe siku zote anasema kitu kizito hakibebwi mara mbili."

"Baba yako anasema hivyo kuhusu makabati!"

"Nimemwuliza, Shangazi. Amesema ni kweli."

Akanitazama kwa yale macho yake ya upole, anataka niridhike. Pole yake. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Huku nyuma nikasikia mkewe anamwuliza, "Shangazi ana nini leo?"

Sikukaa nyumbani hata wiki. Nilirudi siku ambayo najua wamekwenda shuleni kwa pacha, wote. Kaka akanifungulia. Amekonda, amekuwa na ile sauti ya mtu asiyeongea mara nyingi, lazima asafishe koo kwanza. Sikuvua hata koti. Nikapita moja kwa moja mpaka chumbani kwake, nikashika mikono ya kiti, nikavuta.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nahamisha."

"Utajivunja, mdogo wangu. Umri huo."

"Wacha nijivunje. Ni mgongo wangu."

Nikakivuta mpaka mlangoni kikakwama, kama nilivyojua kitakwama. Nikasukuma, nikavuta, nikakipiga teke. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikujali kama anaona. Nikasikia anasafisha koo.

"Kilaze ubavu," akasema. "Siyo huo, ule mwingine. Tanguliza miguu. Sasa zungusha kuelekea kwako, polepole, utachubua ukuta wa watu."

Kikatoka. Akaweka fimbo kando, akashika upande mmoja. Nikamkataza, akanitolea macho kama zamani tulipokuwa watoto, nikamwachia. Tukakipitisha koridoni, tunapumzika, tunaendelea, mpaka sebuleni. Yeye ndiye aliyekiweka sawa konani, akakisogeza kidogo kushoto, akarudi nyuma kuangalia. Jua limeingia dirishani lakini halifiki pale. Hita inapuliza lakini haifiki pale. Nilifungua mlango wa mbele makusudi, nikasimama konani, sikuhisi upepo wowote.

"Haya, kaa," nikamwambia.

Hakukaa. Alisimama ameshika kile kiti kwa nyuma, anahema, kifua kinapiga filimbi. Akaangalia njia ya jikoni, dirisha, hita, korido. Nikadhani anapima tena. Mkono ukaingia mfukoni, ukashika utepe, lakini hakuutoa.

"Umekipanga vizuri," akasema.

"Tumekipanga. Kaa basi, kaka."

Akatazama saa ya ukutani.

"Njoo unisaidie," akasema. "Tukirudishe kabla hawajarudi. Hakuna aliyeniita."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia hiyo ni nyumba ya mwanawe, kwamba mimi nitasema nao, nitapiga kelele mpaka majirani watoke. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainama peke yake, akashika mikono ya kiti kwa ule mgongo wake, akaanza kukivuta kuelekea koridoni. Sikuweza kumwacha akivute peke yake. Nikashika upande wa pili.